Jumla za mifumo miwili hazilingani: namna ya kupata miamala iliyojirudia na iliyopotea kwenye faili la siku

Mfumo wa mauzo unasema siku imefungwa kwa 1,846,300. Mfumo wa uhasibu, kwa siku hiyohiyo, unasema 1,850,800. Tofauti ni 4,500. Karibu kila anayeniomba msaada anakuwa ameshafanya jambo moja: amebonyeza Ctrl+F, ameandika 4500, na ameanza kutafuta muamala wa kiasi hicho. Mara nyingi anaupata, maana kwenye siku yenye miamala zaidi ya mia nne hakosekani mmoja wa 4,500. Anaufuta upande wa uhasibu, jumla zinalingana, anafunga kazi. Amefuta muamala halali, na makosa yenyewe bado yapo palepale.

Tofauti ya jumla si muamala. Ni mabaki, baada ya makosa yaliyoongeza na makosa yaliyopunguza kumezana. Katika mfano nitakaoutumia hapa, hiyo 4,500 imetoka kwenye rekodi sita, na hakuna hata moja kati yake yenye kiasi cha 4,500. Tutazipata zote kwa kulinganisha rekodi kwa rekodi.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Faili la CSV la siku husika kutoka kila mfumo, pamoja na mafaili ya siku iliyotangulia. Ya jana utayahitaji mwishoni, na ni rahisi kuyapakua sasa hivi.
- Idadi ya miamala na jumla ya fedha kama zinavyoonekana kwenye skrini ya kila mfumo. Ziandike mahali pa kudumu.
- Excel, au programu nyingine ya majedwali yenye PivotTable.
- Maelezo ya hali za muamala: iliyokamilika, iliyoshindwa, iliyorejeshwa. Unahitaji kujua kila mfumo unahesabu zipi.
- Ruhusa ya kuona logi ya mfumo unaopokea miamala, au mtu mwenye ruhusa hiyo.

Weka nakala za mafaili kama yalivyotoka, kwenye folda ambayo hutaigusa. Kazi yote ifanyike kwenye nakala nyingine. Ukiharibu kitu katikati na huna faili la asili, huwezi tena kujua kama tofauti ilitoka kwenye mfumo au ilitoka mikononi mwako.

## Hatua ya 1: Hakikisha mafaili yote mawili yanazungumzia siku moja

Panga kila faili kwa muda, kisha tazama rekodi ya kwanza na ya mwisho. Kama faili la mauzo linaanza 00:03 na kuishia 23:59, na la uhasibu linaanza 21:04 ya jana na kuishia 20:57 ya leo, basi huenda mfumo mmoja unatumia saa za UTC na mwingine saa za eneo. Hapo hakuna cha kulinganisha kwanza. Pakua upya kwa kuoanisha saa.

Kagua pia hali za miamala. Ikiwa faili moja lina miamala iliyoshindwa na lingine halina, utakuwa na mamia ya "zilizopotea" ambazo hazikupotea.

Utajua hatua hii imekaa sawa ukiona rekodi za mwanzo na za mwisho za mafaili hayo mawili zimekaribiana kwa dakika chache, na hali zinazohesabiwa ni zilezile. Dakika chache za tofauti ni kawaida, na tutazirudia.

## Hatua ya 2: Linganisha kila faili na mfumo wake wenyewe

Hatua hii watu wengi huiruka. Kabla ya kulinganisha mauzo na uhasibu, linganisha faili la mauzo na skrini ya mauzo, kisha faili la uhasibu na skrini ya uhasibu. Wakati mwingine mifumo yote miwili iko sawa kabisa, na kilichokosea ni faili tu.

Hesabu mistari na ujumlishe kiasi. Ikiwa kiasi kiko kwenye safu C na rekodi zinaishia mstari wa 413:

```
=COUNTA(C2:C413)
=COUNT(C2:C413)
=SUM(C2:C413)
```

COUNTA inahesabu seli zote zenye kitu, COUNT inahesabu zenye namba tu. Majibu mawili ya kwanza lazima yafanane. Yasipofanana, kuna viasi ambavyo Excel inaviona kama maandishi, na SUM huruka maandishi bila kukuambia lolote. Mara nyingi chanzo ni nafasi iliyojificha mbele ya namba, au alama ya fedha iliyobaki kwenye seli.

Ikiwa idadi imepungua kwenye faili kubwa sana, angalia kikomo cha mistari. Shiti moja ya Excel inabeba mistari 1,048,576. Faili la zamani la .xls linaishia 65,536.

Kwenye mfano wetu hatua hii ilipita vizuri. Mauzo yana rekodi 412 zenye jumla ya 1,846,300. Uhasibu una rekodi 413 zenye jumla ya 1,850,800. Mafaili na skrini vinakubaliana. Kwa hiyo tofauti ni ya kweli: rekodi 1 na 4,500 zaidi upande wa uhasibu.

## Hatua ya 3: Safisha namba ya kumbukumbu

Namba ya kumbukumbu ndiyo itakayounganisha rekodi ya upande huu na ya upande ule, kwa hiyo ikichafuka kila kitu kinachofuata kitakudanganya. Nimeshuhudia siku nzima ikiishia hapa, watu wakifukuzia marudio ambayo hayakuwapo kwenye mfumo wowote.

Tatizo kubwa ni hili. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba, na zinazozidi huzigeuza sifuri. Chukua kumbukumbu mbili za tarakimu 17:

```
70011200000004518
70011200000004536
```

Ukifungua CSV kwa kubofya faili mara mbili, zote mbili zinageuka kuwa 70011200000004500, na kwenye seli utaona 7.00112E+16. Miamala miwili tofauti sasa inaonekana kama marudio. Ukihifadhi faili katika hali hiyo, tarakimu zimeshapotea na hazirudi. Itabidi uanze tena na nakala ya asili.

Kwa hiyo usibofye faili. Fungua Excel tupu, nenda Data, kisha From Text/CSV, chagua faili, bonyeza Transform Data, na uibadilishe safu ya kumbukumbu iwe Text. Ikikuuliza, chagua Replace current. Njia hiyo pia inalinda sifuri za mwanzoni, ambazo Excel huzikata ikidhani inasoma namba.

Onyo la pili, na hili huwakamata hata wazoefu. Safu ikishakuwa Text, COUNTIF bado inaweza kukuponza, kwa sababu yenyewe huyasoma maandishi yanayofanana na namba kama namba, na inarudi kwenye tarakimu 15 zilezile. Ukitaka kuhesabu kumbukumbu ndefu kwa fomula, tumia hii:

```
=SUMPRODUCT(--($A$2:$A$413=A2))
```

Mwisho, ondoa nafasi zisizoonekana:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160),""))
```

Kama mfumo mmoja unaongeza herufi mbele ya kumbukumbu na mwingine hauongezi, ziondoe pia. Kisha chukua kumbukumbu tano kutoka faili la mauzo, kutoka sehemu tofauti za siku, na uzitafute kwenye faili la uhasibu. Zikipatikana zote, ufunguo wako unafanya kazi. Ikiwa hata moja haionekani, usikimbilie kusema imepotea. Itazame kwa jicho kwanza, maana mara nyingi imeandikwa kwa umbo jingine.

## Hatua ya 4: Weka orodha moja chini ya nyingine

Wengi hutumia VLOOKUP: wanatafuta kila rekodi ya mauzo ndani ya uhasibu, wanaona zile zisizopatikana, wanamaliza. Njia hiyo inaona zilizopotea peke yake. Rekodi iliyoingia mara mbili uhasibu itapatikana vizuri tu, kwa kuwa VLOOKUP husimama ikikutana na ya kwanza. Ile iliyopo uhasibu bila kuwapo mauzo haitatajwa kabisa mpaka ufanye kazi yote tena kwa kugeuza upande.

Kuna njia fupi inayoona kila kitu kwa mkupuo mmoja. Tengeneza shiti mpya yenye safu tatu: Kumbukumbu, Chanzo, Kiasi. Bandika rekodi zote 412 za mauzo na uandike MAUZO kwenye safu ya Chanzo. Chini yake, moja kwa moja, bandika rekodi 413 za uhasibu na uandike UHASIBU. Sasa una mistari 825. Ihesabu, kwani ikipungua hata mmoja, kubandika hakukukamilika.

Chagua jedwali lote, weka PivotTable. Kumbukumbu iende Rows, Chanzo iende Columns, na Kiasi ukiweke Values mara mbili: mara ya kwanza kama Count, mara ya pili kama Sum. Kila kumbukumbu sasa ina mstari wake mmoja, unaoonyesha imetokea mara ngapi na kwa kiasi gani kila upande.

Nakili matokeo, uyabandike kama thamani kwenye shiti nyingine, na uchuje mistari ambayo idadi au kiasi havifanani. Kama viasi vina desimali, tumia ROUND kabla ya kulinganisha, maana kompyuta inaweza kubaki na tofauti ya sehemu ndogo mno isiyoonekana kwenye skrini.

Faili likiwa zito kwa Excel, hoja ya SQL iliyo hapa chini inafanya kazi hiyohiyo. Safu ya kumbukumbu iwe TEXT na ya kiasi iwe namba:

```sql
SELECT kumb, SUM(na), SUM(nb), SUM(a), SUM(b)
FROM (
  SELECT kumb, 1 AS na, 0 AS nb, kiasi AS a, 0 AS b FROM mauzo
  UNION ALL
  SELECT kumb, 0, 1, 0, kiasi FROM uhasibu
) AS zote
GROUP BY kumb
HAVING SUM(na) <> SUM(nb) OR SUM(a) <> SUM(b);
```

Usishawishike kutumia JOIN hapa. Kumbukumbu iliyopo mara mbili kila upande itazaa mistari minne, na jumla zako zitavimba.

## Hatua ya 5: Soma kilichobaki

Kutoka mistari mia nne na ushee, mfano wetu ulibakiwa na sita. Nimeandika tarakimu nne za mwisho za kila kumbukumbu:

| Kumbukumbu | Mara, mauzo | Mara, uhasibu | Kiasi, mauzo | Kiasi, uhasibu |
|---|---|---|---|---|
| 4518 | 1 | 2 | 12,500 | 25,000 |
| 4536 | 1 | 2 | 7,200 | 14,400 |
| 4602 | 1 | 0 | 9,600 | 0 |
| 4871 | 1 | 0 | 6,300 | 0 |
| 4099 | 0 | 1 | 0 | 3,400 |
| 4377 | 1 | 1 | 5,200 | 2,500 |

Moja kwa mbili ni marudio. Moja kwa sifuri haikufika uhasibu. Sifuri kwa moja ipo uhasibu bila mwenzake. Moja kwa moja yenye viasi tofauti ni rekodi iliyofika lakini ikabadilika njiani.

Kuna umbo moja ambalo mchujo hautakuonyesha: mbili kwa mbili. Hapo marudio yapo mifumo yote miwili, kwa hiyo jumla zinakubaliana, lakini mteja amekatwa mara mbili. Rudi kwenye jedwali zima na uchuje kila idadi iliyo juu ya 1. Kama mfumo wako huandika muamala mmoja kwa mistari kadhaa, mstari kwa kila bidhaa, basi idadi juu ya 1 ni halali, na itabidi utumie kumbukumbu pamoja na namba ya mstari kama ufunguo.

Njia hii ina kikomo chake. Mteja akibonyeza kitufe mara mbili na mfumo ukampa kumbukumbu mbili tofauti, PivotTable haitaona kitu. Hayo hupatikana kwa kupanga faili kwa mteja, kiasi na muda, na kutazama jozi zilizopishana kwa sekunde.

## Hatua ya 6: Thibitisha kwamba umepata zote

Usianze kusahihisha bado. Anza na mauzo, ongeza na upunguze kila ulichokipata, uone kama unafika kwenye uhasibu. Fanya hivyo kwa idadi na kwa kiasi, vyote viwili:

| | Idadi | Kiasi |
|---|---|---|
| Jumla ya mauzo | 412 | 1,846,300 |
| Marudio (4518, 4536) | +2 | +19,700 |
| Zisizofika (4602, 4871) | −2 | −15,900 |
| Isiyo na mwenzake (4099) | +1 | +3,400 |
| Kiasi kilichobadilika (4377) | 0 | −2,700 |
| Jumla ya uhasibu | 413 | 1,850,800 |

Imefika. Angalia namna idadi peke yake ingekudanganya: tofauti ya rekodi moja tu, ilhali rekodi zisizolingana ni sita.

Hapa niseme kitu kuhusu zile njia za mkato zinazofundishwa maofisini. Inasemwa kwamba tofauti ikigawanyika kwa 9, kuna tarakimu zimepishana. Kanuni ni ya kweli: tarakimu mbili zilizo jirani zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9 daima. Lakini inafanya kazi pale kosa likiwa moja. Tofauti yetu ya 4,500 inagawanyika kwa 9, na hilo ni bahati tu. Kanuni hiyo itumie sasa, kwa rekodi moja moja: 4377 imetoka 5,200 hadi 2,500, tofauti 2,700, na 5 na 2 zimebadilishana nafasi waziwazi.

Jedwali lisipofika kwenye jumla ya uhasibu, rudi Hatua ya 3. Karibu kila mara ni kumbukumbu iliyochafuka au kiasi kilichosomwa kama maandishi.

## Hatua ya 7: Tafuta kilichosababisha kila moja

Rekodi mbili zenye umbo moja zinaweza kuwa na sababu mbili tofauti kabisa, na marekebisho yake yakapingana. Ndiyo maana hatua hii haifanywi kwa kubahatisha.

4518 na 4536, marudio. Logi ya uhasibu ilionyesha zimeingia pamoja, na sekunde 40 baadaye zikaingia tena pamoja. Mfumo wa mauzo ulituma, haukupata jibu kwa wakati, ukadhani hazikufika, ukatuma tena. Uhasibu ulizipokea mara zote mbili kwa sababu haukuzuia kumbukumbu iliyokwishaingia. Mwombe fundi aweke kizuizi hicho (kumbukumbu iwe UNIQUE), la sivyo mtandao ukisuasua tena utarudi hapahapa.

4602, haikufika. Muamala ulifanyika mchana, kwa hiyo si suala la usiku wa manane. Kwenye logi ulikuwa umekataliwa: jina la mteja lilikuwa na mkato ndani yake, na faili halikuweka alama za kunukuu kuzunguka jina. Mkato ukasomwa kama mwisho wa safu, kila kitu kikasogea hatua moja kulia, na mahali pa kiasi pakawa na maandishi.

4871, nayo haikufika. Kwenye jedwali ni pacha wa 4602. Lakini saa yake ni 23:59:41. Mauzo huandika muda mteja alipolipa, uhasibu huandika muda ulipopokea, na huo ulipokelewa 00:00:12 ya siku iliyofuata. Haujapotea. Ukiuingiza kwa mkono leo, kesho utakuwa marudio uliyoyatengeneza mwenyewe.

4099, isiyo na mwenzake. Ni kioo cha 4871: kwenye mauzo ni wa jana, 23:58. Usiishie hapo. Fungua faili la uhasibu la jana na uutafute. Usipokuwamo, ni suala la muda tu, kama hapa. Ukiwamo, basi ni marudio yaliyovuka siku, na hakuna ulinganisho wa siku moja ungeyaona.

4377, kiasi kilichobadilika. Rekodi ilikwama kwenye kutumwa, mtu akaiingiza kwa mkono, vidole vikapishana.

## Hatua ya 8: Sahihisha zinazostahili, acha zisizostahili

Kati ya sita, nne ni makosa: marudio mawili, 4602, na 4377. Mbili ni za muda na haziguswi.

Usifute mstari wowote kwenye mfumo wa uhasibu. Marudio yaondolewe kwa ingizo la kugeuza linalotaja kumbukumbu ya asili, ili mkaguzi aone kilichoingia na kilichokiondoa. 4602 itumwe upya baada ya jina kurekebishwa. 4377 igeuzwe yote ya 2,500, kisha iingizwe upya kwa 5,200. Kuongeza 2,700 peke yake kunaacha rekodi mbili zisizoeleweka.

Baada ya hayo, ukihesabu kila ingizo lililogeuzwa kuwa limefutika, uhasibu una rekodi 412 na jumla ya 1,843,400. Idadi sasa ni sawa na mauzo, ila kiasi kimepungua kwa 2,900. Hapo ndipo watu huingiwa na wasiwasi na kuanza kutafuta tena. Hakuna cha kutafuta: 4099 imeongeza 3,400, 4871 imepunguza 6,300, na 3,400 kutoa 6,300 ni −2,900. Siku hii haitalingana kwa sifuri, na haipaswi kulingana. Imekamilika kwa sababu kila shilingi au senti ya tofauti ina jina.

Andika 4871 kwenye orodha ya zinazosubiriwa, pamoja na kiasi chake. Kesho, kabla ya kufungua chochote, itafute kwenye faili jipya la uhasibu. Ikiwamo, ifute kwenye orodha. Isipokuwamo, si suala la muda tena, na logi ya kuanzia 00:00 ndiyo utakayoifungua kwanza.